Mkono Usiotibua Mashapo

Mimi sinywi. Marehemu mume wangu hakunywa, na baba yake alisomesha chuo pale Kaole mpaka macho yalipomwisha. Nalitanguliza hilo kwa sababu wapo watu wakisikia Mwaija anasimulia habari za bia huanza kukohoa. Na wakohoe. Nimekaa ukuta kwa ukuta na Paskalina tangu kabla ya vita vya Hitla, na macho hayana dini, yanaona kila kinachopita.

Paskalina mama Gertruda alikuwa mtu wa misheni. Mumewe alipiga kengele ya kanisa hapa Bagamoyo, akafa kwa homa akamwachia mtoto mmoja wa kike na nyumba ya udongo yenye baraza pana. Akaanza kuuza tembo la mnazi pale barazani. Yeye mwenyewe hakulionja hata siku moja. Alisema mpishi wa sumu halambi mwiko, na wateja wake walicheka wakaendelea kunywa.

Lakini alilijua tembo kwa macho kuliko wanywaji walivyolijua kwa ulimi. Asubuhi tembo ni tamu, mchana limeanza kuuma, jioni ni kali. Paskalina hakuhitaji kuuliza limegemwa lini. Aliinua chupa, akalitazama povu lake, akatazama yale mashapo meupe yanayotulia chini, kisha akakwambia: hili wape akina mama, hili wape makuli, hili mpe adui yako. Mashapo yakiwa mengi na yanachemka, tembo limekomaa. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake, nayo ilimlisha miaka ishirini.

Halafu zikaja bia za chupa. Serikali iliporuhusu watu wetu wauziwe kama Wazungu na Wahindi, Paskalina naye akaomba kibali, akaweka makreti chini ya kitanda na magunia yenye maji juu ya chupa ili zipoe. Na elimu yake ya mashapo akaihamishia huku huku, kama mtu anavyohamia nyumba mpya na kunguni wake.

Aliyebishana naye ni Wilbrodi. Huyu alikuwa jirani yetu wa upande wa pili, fundi seremala, zamani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, aliyewahi kuosha glasi katika mesi ya maofisa kule Burma. Kwa ajili ya zile glasi alijiona mjuzi wa vinywaji vyote vya dunia. Yeye elimu yake ilikuwa rangi. Bia nyeusi ni kali, bia ya manjano ni laini, basi. Chupa ikija asiyoijua, aliishika shingo akaielekeza juani.

"Hii haipitishi mwanga," alisema. "Hii inaangusha tembo wa porini, sisemi huyu wenu wa mnazi."

"Chupa yenyewe ni ya kahawia," Paskalina alimjibu. "Hata maji ya kisima ukiyatia humo yataonekana meusi. Tazama chini. Kuna mashapo? Hakuna. Basi haina kitu."

Walikuwa wakishindana hivyo kila Jumamosi, na kila mmoja alikumbuka siku alizopatia tu. Siku moja Paskalina alipatia kweli. Aliletewa chupa za kijani zilizokaa dirishani dukani, juani, akasema kabla hazijafunguliwa kwamba zitanuka. Zikanuka kama mnyama ngawa. Bia iliyomo kwenye kioo cha kijani au cheupe jua huiharibu upesi, na kioo cha kahawia huikinga. Hilo alikuwa ameliona kwa kuangalia tu. Kwa hiyo sisemi kwamba hakujua kitu. Nasema alijua nusu, na mwenye kujua nusu husema kwa sauti kubwa kuliko sisi tusiojua.

Sasa nije kwenye posa ya Gertruda.

Gertruda alipata kijana wa Msata, Benedikto, fundi wa malori, mpole, mikono myeusi ya grisi na moyo mweupe. Walipendana, wakapanga kukaa hapa Bagamoyo, ambako kijana alikuwa na kazi. Mama alimpenda, mimi nilimpenda, hata Wilbrodi alimkubali ingawa kijana alikiri kwake kwamba hajui tofauti ya bia na bia. Baba yake Benedikto, Mzee Fransisko, aliafiki. Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kilivaa kanga mbili na kutembea kwa fimbo: shangazi yake Benedikto, Bibi Anastazia. Mama wa Benedikto alifariki akimnyonyesha, na Anastazia ndiye aliyemlea. Kwa hiyo neno la posa lilikuwa lake na la kaka yake, wote wawili. Na Anastazia alikuwa na binti wa jirani yake palepale Msata aliyemtaka awe mkamwana.

Hawa jamaa wa misheni wana desturi yao ambayo mimi naiheshimu, ingawa inahusu kilevi. Posa haijibiwi na koo kavu. Wenye nyumba huwapa wageni kinywaji, na mgeni hutoa neno lake akiwa ameshamaliza glasi. Lakini neno la mlevi halifungi. Mtu akionekana amelewa, siku ya pili anaweza kusema, "Ilikuwa ni pombe iliyosema," na posa imekufa, wala hairudiwi nyumba ileile. Kwa hiyo mama wa binti hutafuta kinywaji laini. Akikosea, amemvunjia mwanawe ndoa kwa mkono wake mwenyewe.

Ndiyo maana siku za kabla ya posa Paskalina hakupata usingizi. Tembo lilikataliwa, Mzee Fransisko alituma habari kwamba tumbo lake halipatani nalo, apewe bia. Na bia zilizopatikana Bagamoyo wiki ile zilikuwa za Karneiro, yule Mgoa mwenye duka karibu na boma. Masika yalikuwa yamelitoboa paa la ghala lake. Makreti yakalowa, karatasi za chupa zikavuliwa na maji zikabaki vipande, na chupa za kila aina zikachanganywa na wapagazi katika kuokoa. Karneiro mwenyewe alikuwa amekwenda Dar es Salaam kwenye ubatizo, na karani wake hakujua ipi ni ipi. Paskalina akachukua kreti moja ya mchanganyiko.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alizipanga chupa juu ya jamvi uani. Mimi nilikuwa nachambua mchele wa pilau. Wilbrodi alikuja bila kuitwa, kama kawaida yake.

Zilikuwa za namna tatu. Za kwanza, chupa kubwa za kahawia, bia yake ukiielekeza juani ni ya rangi ya asali, na chini kabisa mashapo ya kijivu yamelala kama vumbi la unga. Karatasi zake zilikuwa zimetoka zote. Za pili, chupa za kahawia, bia nyeusi tititi hata ukielekeza shingo juani; karatasi zilizobaki zilikuwa na neno STOUT na picha ya debe la maziwa. Za tatu zilikuwa chupa ndogo, ndogo kweli, bia yake ya rangi ya chai ya rangi, safi, bila chembe chini. Kwenye karatasi zake kipande cha mbele kilikuwa kimekwenda na maji, likabaki neno moja: WINE.

Paskalina aliziweka kando zile za mashapo. "Hizi bado zinachemka ndani," alisema. "Haziingii mdomoni mwa Mzee Fransisko."

Wilbrodi alizisogeza zile nyeusi. "Na hizi je? Huoni rangi? Meneja wa kuzimu ndiye anayekunywa hizi."

"Leo tumekubaliana," Paskalina alisema. Akaishika ile chupa ndogo. "Hili neno ni nini?"

"Divai," Wilbrodi akasoma.

Uso wa Paskalina ukafunguka. Mumewe alikuwa akimsaidia padri katika sakristia, na divai aliyoijua yeye ilikuwa ile ya altareni: kikombe kidogo, na matone ya maji ndani yake, na padri anakunywa alfajiri kisha anapanda baiskeli kwenda kigango bila kuyumba. Chupa ndogo, safi, haina mashapo, na jina lake divai. Nini tena? Wilbrodi naye aliitazama rangi akaona si nyeusi, akaridhika. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, walikubaliana kwa jambo lote, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

Karneiro alitueleza baadaye, akicheka mpaka akafuta macho. Zile ndogo si divai hata kidogo. Ni bia ya shayiri, neno la kwanza lililopotea lilikuwa BARLEY, yaani shayiri, ila wanaipika nzito mpaka nguvu zake zinaikaribia divai. Ndiyo maana wanaitia katika chupa ndogo. Ile nyeusi ina sukari ya maziwa ndani, tamu, nguvu zake hazifiki hata nusu ya ile ndogo. Rangi inatokana na shayiri iliyokaangwa sana, kama kahawa, na kukaanga hakuongezi ulevi. Na ile ya mashapo ni bia ya kawaida kabisa. Mashapo ni hamira tu iliyobaki baada ya kumaliza kazi yake chupani. Ukimimina taratibu, inabaki chini. Ukitikisa, unakunywa tope, wala hufi.

Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile tulijua tunavyojua sisi.

Wageni walifika na lori kabla ya adhuhuri, wamefunikwa vumbi. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema Mzee Fransisko, na nyumba nzima ikajibu, "Milele, amina." Mimi nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba. Alikuwa mzee mwembamba, mchangamfu, aliyekuja akiwa ameshakubali. Bibi Anastazia alikaa kwenye kiti cha mikono, akaweka fimbo magotini, akaitazama nyumba kuanzia makuti hadi sakafu.

Glasi zikaletwa. Mzee Fransisko akapewa chupa ndogo. Paskalina akataka kumpa Bibi Anastazia naye chupa ndogo, lakini yule mama akainua mkono.

"Zile nyeusi kule ni za nani?"

"Zile kali, dada," Wilbrodi akamwonya kwa adabu. "Si kwa mtu wa heshima yako."

Niliona jicho la Anastazia likicheza. Wallahi niliona. "Nipe hizo," alisema. "Koo langu halipendi vitu vya watoto."

Paskalina aligeuka rangi. Lakini mgeni akiomba, utamnyima vipi? Akafunguliwa nyeusi. Akaimaliza, akaomba nyingine, kisha nyingine. Nami nikaelewa nia yake kabla ya pilau kuiva. Huyu mama hakuja kukataa. Kukataa mbele ya kaka yake kungeleta ugomvi. Alikuja kukubali huku amelewa, ili kesho akiamka Msata aseme, "Ilikuwa ni pombe." Akakiachia kinywaji chetu kazi ya kumkatalia.

Nikamnong'oneza Paskalina jikoni. Alikuwa ameshajua. Alikaa juu ya kinu.

"Mwanangu ameshaachwa, Mwaija," alisema. "Nami ndiye niliyeleta chupa."

Sijawahi kumwona mnyonge hivyo, hata siku ya maziko ya mumewe. Nilimkasirikia yule bibi hadi nikatia chumvi mara mbili kwenye kachumbari.

Barazani sauti ya Mzee Fransisko ikapanda. Alikuwa anamaliza chupa ndogo ya pili. Neno lake la kukubali alikuwa ameshalitoa baada ya glasi ya kwanza, akiwa timamu; sasa alianza kumsifu Gertruda, vizuri. Akaendelea kumsifu Paskalina, tukavumilia. Akahamia kumsifu mbuzi wa Wilbrodi aliyefungwa kwenye mpapai, kwa majina matatu. Kisha akaegemea ukuta akalala, mdomo wazi, kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Paskalina alisimama mlangoni akamtazama. Halafu akamtazama Anastazia. Nilikuwa nyuma yake, nikaona mgongo wake unanyooka kidogo kidogo.

Ukiuza tembo miaka ishirini, chupa inaweza kukudanganya, lakini mlevi hakudanganyi. Huyu wa divai hawezi hata kufunga mdomo. Huyu wa nyeusi, chupa tatu ndani yake, anafukuza nzi kwa ncha ya kanga na kumpata. Jicho lake kavu. Ulimi wake unakata herufi kama kisu kipya. Akainuka kwenda uani, akaruka mfereji wa maji machafu na fimbo yake chini ya kwapa, akarudi, akaketi katikati ya kiti.

"Mwaija," Paskalina alisema polepole, "tumezishika kichwa chini miguu juu."

Bibi Anastazia alikuwa anaanza kuufyatua mtego wake. Alipiga fimbo sakafuni. "Sikilizeni. Mimi Anastazia nasema Gertruda ni wetu. Nimekubali." Kisha akapepesa macho kwa makusudi, akashika paji la uso. "Lakini jamani, hii bia yenu ni kali mno. Sijui hata nasema nini."

Benedikto, ambaye hakuonja kitu kwa hofu, alishusha kichwa. Gertruda alikuwa nyuma ya pazia. Niliona vidole vyake vikilikamata.

Paskalina alikwenda kwenye jamvi, akachukua chupa moja kubwa yenye mashapo, akaibeba wima kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Akaiweka mbele ya yule bibi, na glasi nne safi.

"Dada Anastazia," alisema, "hii ni ya mashahidi wa posa. Ina mashapo chini, na mashahidi hawanywi tope. Mimi mkono wangu leo unatetemeka. Nimesikia Msata nzima hakuna mtu anayechuja mafuta ya nazi kama wewe. Tumiminie."

Hilo la mafuta alilisikia kwa Benedikto, na lilikuwa kweli. Kila mtu ana sifa moja ambayo hawezi kuiacha ipite. Bibi Anastazia aliitazama chupa, akaitazama juani, akayaona yale mashapo yamelala. Naona alijua kuna jambo. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaifikia.

Akaiinamisha. Taratibu, bila kusimama kati, maana ukiirudisha wima mashapo huinuka. Glasi ya kwanza ikajaa, ya asali, safi. Akahamisha mdomo wa chupa kwenye ya pili bila kuuinua. Ya tatu. Wote walinyoosha shingo, hata mbuzi. Kwenye ya nne, wingu la kijivu lilipoanza kutambaa kuelekea shingoni, akakata. Hakumwaga tone. Kilichobaki chupani kilikuwa kidole kimoja cha tope. Glasi nne zilisimama, na ungeweza kusoma barua kupitia yoyote.

"Mashallah," nilisema mimi, nisiyenywa.

Wilbrodi alizipigia makofi. "Burma nzima sikuona mkono huo."

Paskalina hakupiga makofi. Alipiga magoti mbele ya kile kiti, maana huyu alikuwa mkubwa wake kwa umri. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mlevi hamimini hivyo. Watu wote wameona. Nami sitaki kukushinda kwa hila nyumbani kwangu. Lile neno ulilosema, kama hulitaki, lirudishe sasa, mdomo wako ukiwa wako. Nitakusikia."

Nilitaka kumfinya. Alikuwa ameshashinda, na sasa anafungua mlango. Lakini ndivyo alivyo, na ndiyo sababu tundu la ukutani tunalopitishiana moto hatujaliziba.

 Bibi Anastazia aliitazama ile chupa yenye tope, akamtazama kaka yake anayekoroma, kisha Benedikto. Fimbo ikateleza kutoka magotini, hakuiokota.

"Sikulewa," alisema. "Hii yenu nyeusi ni uji wa mzazi, tangu glasi ya kwanza nimejua. Nilitarajia hamjui." Watu wakacheka kidogo, wakaacha. "Huyu nilimpokea hajaota jino. Nilimtafunia muhogo. Yule binti wa jirani, nyumba yake naiona kutoka mlangoni kwangu. Ningemwona Benedikto kila asubuhi. Hapa Bagamoyo nitamwona Pasaka na Krismasi. Niliogopa, basi."

Benedikto alikuja akaketi chini karibu na miguu yake. Akaiokota ile fimbo.

"Gertruda," Anastazia akaita. "Toka huko nyuma, pazia litakatika." Gertruda akatoka. Yule bibi akamshika mkono, akaugeuza, akautazama kama alivyoitazama chupa. "Nasema tena, bila pombe. Ni wetu. Lakini wakae Msata. Karakana ya malori iko barabarani pale, kazi ipo. Si Bagamoyo. Msata, karibu na mlango wangu."

Hapo kila mtu akamgeukia Paskalina.

Yeye hakuwa amefikiria hilo. Siku zile zote alikuwa amefikiria chupa: ipi laini, ipi kali, posa isivunjike. Aliyefikiri mtoto atakwenda wapi baada ya kushinda hakuwapo. Alikuwa na Gertruda tu, yule mmoja, na chumba kimoja, na sauti moja ya kumwita asubuhi. Nilimwona anatazama glasi nne pale mbele. Kama angekuwa amekunywa hata moja, angeweza kusema lolote, na kesho akalirudisha. Desturi ingemruhusu. Lakini wote tulijua, mimi na Wilbrodi na Gertruda, kwamba mwanamke huyu hajaonja kileo maisha yake yote, na chochote atakachosema kitamfunga.

Machozi yalimtoka kabla ya neno. Aliyaacha yashuke.

"Msata," alisema. "Nimekubali."